Teksi ya Kerrow na Gari la Guleid

Abdow alipanda basi la alfajiri pale Garissa akiwa na tiketi tatu mfukoni: moja ya kwendea Nairobi, mbili za kurudia. Ile ya tatu ilikuwa na jina la binti yake, Leyla, pamoja na namba ya kitambulisho chake, ambayo Abdow aliinakili kutoka kwenye fotokopi ya kabatini. Leyla mwenyewe hakuwa na habari. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na basi la kurudi lilikuwa la Ijumaa asubuhi.

Kilichomtoa nyumbani kwake mtaa wa Galbet ni simu ya dada yake, Fatumo, anayeishi mtaa wa Islii, Nairobi, na ambaye Leyla anakaa kwake. Fatumo si mtu wa kumumunya maneno.

“Binti yako analetwa nyumbani saa nne za usiku na wanaume nisiowajua,” alisema. “Leo gari jeupe, kesho la kijivu. Juzi kaletwa na mtu anaitwa Morris. Morris, Abdow! Sisi na Morris tumekutana wapi?”

Leyla alikuwa amemaliza diploma ya famasia, na kwa miezi mitatu alikuwa akifanya kazi katika duka la dawa huko South C. Alipewa zamu ya kuanzia saa nane mchana hadi saa tatu na nusu usiku, maana zamu asiyoitaka mtu hupewa mgeni. Mwisho wa mwezi tajiri wake angemwandika kazi ya kudumu, kwa zamu hiyohiyo. Asiyeiweza zamu, hana kazi. Abdow alikubali kwa sharti moja tu: binti arudi nyumbani kila usiku kwa teksi ya Kerrow.

Teksi ya Kerrow ilikuwa ya kuchangia. Probox yake ilisimama kila jioni kwenye kona karibu na msikiti wa South C, ikangoja abiria wanne wa kwenda Islii, kila mmoja akalipia kiti chake, kisha ikaondoka. Haikuwa na ratiba wala namba ya kupiga. Lakini Kerrow alikuwa mtu wa Habaswein, na Abdow aliwahi kuuza mbuzi wa baba yake Kerrow. Kwa Abdow hilo lilitosha kabisa. Akishajua baba wa mtu, babu yake na kisima walichonyweshea mifugo, hana swali tena. Sasa binti kaacha teksi ya mtu kama huyo, kaenda kuita magari kwa simu, kama vile watu wameisha duniani.

Hapa inafaa msomaji ajue jambo moja kuhusu Abdow, maana sokoni Garissa hata wauza chai wanalijua. Alikuwa dalali wa mifugo kwa miaka thelathini. Mwaka mmoja wa ukame, shemeji yake Mahat, kaka wa mkewe, alimletea ngamia jike amuuzie. Abdow aliitazama chapa iliyochomwa shingoni mwa mnyama, akaona si chapa ya kina Mahat. Mahat akaeleza kwamba ngamia ni wa rafiki yake wa Hulugho, na kwamba ametumwa tu. Abdow akauliza huyo rafiki yuko wapi, na barua ya chifu iko wapi. Hakuwepo rafiki wala haikuwepo barua. Basi akamrudisha shemeji yake na ngamia wake, mbele ya soko zima.

Baadaye ikajulikana kwamba Mahat alikuwa ametumwa kweli. Mkewe Abdow, Saynab, hakumsemesha mumewe mwezi mzima. Alikuwa akimwekea chakula, anaondoka. Abdow hakuomba radhi hata siku moja, na alisema hata baba yake mzazi angemrudisha vivyo hivyo.

Huyo ndiye mtu aliyeshuka Nairobi Jumatano hiyo mchana, shati limemganda mgongoni, amekasirika kabla hajaulizwa kitu.

Saa tatu usiku alikuwa nje ya duka la dawa. Mlinzi wa pale, Mkamba mmoja aitwaye Mutiso, alimpa kiti chake cha plastiki.

“Unangojea dawa, mzee?”

“Nangojea binti yangu. Iko ndani. Hii Leyla.”

“Ah, wewe ni baba Leyla! Huyo ni mtu makini sana.”

“Makini ni nini kama anaendeshwa na watu hajui?” alisema Abdow, ambaye herufi p ilimshinda. “Nimekuja kuona bole bole kwa macho yangu.”

Leyla alipotoka na kumwona, alishtuka, akacheka, kisha uso ukatulia. Fatumo hakuwa amemwambia kitu. Alimwamkia baba yake kwa Kisomali, kwa heshima, na mara moja akajua kilichomleta.

“Eeddo Fatumo amekupigia simu,” alisema akimtaja shangazi yake.

“Amenipigia. Kwa nini umeacha teksi ya Kerrow?”

Leyla alifikiri kidogo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu wengi walidhani ni ya woga.

“Aabo, nikikueleza utasema natafuta visingizio. Leo tupande ya Kerrow. Kesho tupande ya app. Kisha useme unavyotaka. Ukisema nirudi Garissa, nitarudi.”

“Hata kazi?”

“Nitaiacha.”

Alilisema bila kulia wala kupandisha sauti. Abdow alizigusa tiketi mfukoni mwake na kuona kwamba ameshinda mapema kuliko alivyotarajia.

Kerrow aliwapokea kwa furaha kubwa. Alimwita Abdow adeer, yaani baba mdogo, akauliza habari za Garissa, za mvua, za bei ya mbuzi, na za baba yake ambaye Abdow alikuwa amemwona karibuni zaidi kuliko Kerrow mwenyewe. Kiti cha mbele kilikuwa kimekaliwa na mama mmoja mzee mwenye magoti mabovu. Abdow na Leyla wakaingia nyuma. Kikabaki kiti kimoja.

Kikabaki, na kikabaki. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Kerrow alisimama nje akiita, “Islii mmoja! Mmoja tu!” lakini barabara ilikuwa imeanza kukauka watu. Mama mzee alisinzia. Leyla alikuwa ametoa simu na anasoma, bila haraka, kama mtu aliyezoea.

“Huwa ni hivi?” Abdow aliuliza.

“Jumatano ni afadhali. Kuna Jumatatu nilifika nyumbani saa tano na robo. Ninaweza kununua kiti kilichobaki ili tuondoke, lakini nikinunua viwili kila usiku, nitakuwa nimelipa kukaribia bei ya gari zima.”

Abdow angeweza kukinunua mwenyewe. Alikataa kwa ukaidi tu. Alitaka kuona jambo lenyewe lilivyo, na pia hakutaka binti amwone ameshindwa kungoja.

Baada ya dakika arobaini alikuja mtu. Alikuwa mwanamume mnene, na shavu lake lilikuwa limejaa miraa. Alifungua mlango wa upande wa Leyla. Abdow alimwambia azunguke, kisha akajisogeza katikati ili awe baina yao. Mwanamume hakuwa na tatizo. Aliketi, akajitanua, akaanza kuongea na simu kwa sauti ya mnada. Gari likaondoka.

Hapo ndipo Abdow alipojiuliza swali ambalo hakulipenda: kama si yeye, nani angekaa katikati? Alimtazama Leyla kwa pembe ya jicho. Leyla alikuwa anatazama nje.

Mama mzee alishuka Pumwani. Mwanamume wa miraa akashuka mwanzo wa Islii, akiwa bado hajamaliza simu yake. Kerrow akaendelea hadi barabara kubwa ya Sekisheni Tatu, akasimama.

“Nyumba iko ndani kule,” Abdow alisema.

“Adeer, huko ndani ni mashimo matupu, na kuna watu wananingoja. Hapa ndipo mwisho wa gari kwa wote. Ni karibu.”

Ilikuwa karibu kweli, kwa mchana. Walitembea dakika sita kupita maduka yaliyofungwa. Vijana wanne walikuwa wameketi kwenye ngazi za jengo fulani, na mmoja akamwita Leyla kwa jina la rangi ya baibui yake. Walipomwona Abdow wakanyamaza. Leyla hakugeuka wala hakuongeza mwendo.

“Basi umeona,” alisema walipofika getini.

“Nimeona,” alijibu Abdow. “Lakini Kerrow namjua. Hao wengine siwajui.”

Fatumo alikuwa amewasubiri na chai ya maziwa ya ngamia. Alikubaliana na kaka yake kwa kila kitu, na kwa mengine hata kabla hajayasema.

Alhamisi usiku, saa tatu na nusu, Leyla alitoka kazini, akasimama chini ya taa ya duka mbele ya baba yake na Mutiso, na akaanza kuita gari. Alimwonyesha Abdow simu. Hapa unaandika unapokwenda. Hapa inakuja bei kabla hujapanda. Hapa linakuja jina la dereva, picha yake, aina ya gari na namba yake. Na hapa, ukibonyeza, unamtumia mtu wako safari nzima aione kwenye simu yake, ajue gari liko wapi.

“Unamtumia nani?”

“Eeddo Fatumo. Hajawahi kuifungua.”

Dereva wa kwanza alikubali, kisha akapiga simu. “Unaenda wapi, dada? Islii? Ah, huko jam ni mbaya.” Akakata safari. Wa pili alitaka aongezwe mia mbili juu ya bei iliyoandikwa. Leyla akamwambia hapana, asante, akakata yeye. Abdow alianza kufurahi. Kerrow hana maringo hayo.

“Hii watu ya simu ni wengi, lakini hakuna hata mmoja,” alimwambia Mutiso, na Mutiso akacheka kwa adabu.

Wa tatu alikubali bila kupiga simu. Leyla akaisogeza simu kwa baba yake. Jina lilikuwa Guleid.

“Guleid!” Abdow alinyoosha mgongo. “Huyu si wetu?”

“Huenda.”

“Huenda nini? Jina hili linatoka wapi kwingine?” Furaha yake iligeuka upande. Kumbe hata humo ndani ya simu kuna watu. Alianza kuwaza kwamba pengine jambo hili lina njia: Leyla awe anamwita Guleid, Guleid peke yake, na yeye Abdow amjue baba yake Guleid, mambo yaishe.

Gari lilikuja baada ya dakika saba, Vitz ya kijivu, namba ileile iliyokuwa kwenye simu. Abdow hakungoja. Alifungua mlango wa mbele, akaketi, akamwamkia dereva kwa Kisomali. Dereva, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye ndevu fupi, aliitikia vizuri. Abdow akamuuliza yeye ni wa nani. Kijana akataja baba, babu, babu wa babu, bila kukwama. Kabla mkanda wa kiti haujaingia mahali pake, walikuwa wamefika kwenye kisima kimoja karibu na Hulugho ambacho mjomba wa kijana alichimba, na ambacho Abdow aliwahi kunyweshea ng'ombe mia mbili mwaka wa ukame. Abdow alijisikia yuko kwao.

Kisha akagundua kwamba mlango wa nyuma haujafunguliwa.

Leyla alikuwa bado nje. Alikuwa anatazama simu, anatazama dereva, anatazama simu. Akainama kwenye dirisha la baba yake.

“Samahani, wewe unaitwa nani?” alimuuliza dereva.

“Aweys.”

“Gari ni la Guleid. Picha ni ya Guleid.”

“Guleid ni binamu yangu,” Aweys alisema kwa utulivu. “Ameamka na homa. Gari haliwezi kulala, kwa hiyo nimemshikia leo. Hakuna shida, dada. Ingia.”

“Hakuna shida,” Abdow alirudia. “Mimi nimeshamjua. Mjomba wake ndiye aliyechimba kisima cha...”

“Aabo, sura si yake.”

“Nakwambia namjua!”

“Umemjua sasa hivi,” alisema Leyla. “Na maneno yote uliyoyajua amekwambia yeye.”

Mutiso alikuwa ameacha kutazama barabara na sasa anatazama gari. Mtu mmoja aliyekuwa ananunua dawa ya kikohozi alisimama mlangoni asikie mwisho wake. Abdow aliona damu imempanda kichwani. Yeye, mtu anayeamua bei za soko zima, ameketi mbele ya gari amefunga mkanda, na binti yake aliyemzaa mwenyewe anamkatalia hadharani, tena mbele ya mtoto wa watu anaowajua.

“Leyla. Ingia ndani ya gari.”

“Hapana, Aabo. Shuka, tafadhali.”

Sauti ilikuwa ileile ya chini. Ila sasa alimtazama baba yake, si dereva. Abdow alijua binti anaogopa nini. Hakuwa anamwogopa Aweys. Alikuwa anaogopa kurudishwa Garissa.

Aweys sasa alianza kuomba. “Dada, kata tu safari lakini usiripoti. Wakijua Guleid amempa mtu akaunti, watamfungia. Ana watoto. Adeer, mwambie.”

Abdow alifungua mdomo ili amwambie, na akamwona Leyla tayari anabonyeza. Alikata safari. Pale penye sababu alichagua maneno yanayosema dereva si yule wa kwenye picha, akayatuma, akarudi nyuma hatua mbili hadi kwenye mwanga wa duka.

Abdow hakuwa na la kufanya ila kushuka. Mkanda ulimgomea, akahangaika nao, na Aweys mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Vitz ikaondoka. Abdow alisimama kando ya barabara, akakung'uta kanzu yake isiyokuwa na vumbi, akasema, “Kesho asubuhi tunarudi Garissa.”

“Sawa, Aabo,” Leyla alisema. Kisha akaita gari jingine.

Lilikuja baada ya dakika tisa. Dereva alikuwa mtu mrefu, mwenye mwanya, na kwenye picha pia alikuwa na mwanya. Leyla alilinganisha namba ya gari, akalinganisha uso, akamuuliza jina, akasubiri alitaje yeye.

“Dancan,” dereva alisema. “Na wewe nipe namba zako nne.”

Leyla akasoma tarakimu nne kutoka kwenye simu yake, Dancan akaziandika kwenye yake, ndipo safari ikaanza. Leyla aliketi nyuma, upande wa kushoto. Abdow naye aliketi nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa kimemtosha kwa siku moja.

Dancan hakuuliza habari za mvua wala za mbuzi. Kwa Abdow huo ulikuwa ukosefu wa malezi, lakini hakuwa na hamu ya kuongea pia. Gari lilipita mwisho wa teksi ya Kerrow, likaingia mtaa wa ndani, likayumba kwenye mashimo, likapita ngazi zile. Vijana wa jana walikuwepo, safari hii watatu. Likasimama getini kwa Fatumo. Walishuka, lakini gari halikuondoka. Dancan alikuwa amewasha taa kubwa na anangoja.

“Mbona haendi?” Abdow aliuliza.

“Kuna shimo hapo mlangoni, mzee,” Dancan alisema kwa dirisha. “Nikizima taa mtaanguka.”

Geti lilipofunguliwa, akapiga honi mara moja, akageuza.

Usiku huo Fatumo aliuliza mambo matatu na akajibiwa moja: “Nipe chai.” Abdow alijilaza sebuleni, hasira imemjaa. Alimkasirikia Leyla kwa kumwaibisha. Akamkasirikia Aweys kwa kutokuwa Guleid. Kisha, kwa kuwa usingizi ulikataa, alianza kuyapanga maneno atakayomwambia Saynab akifika nyumbani. Atamwambia: mtoto wako alikataa gari la mtu aliyekuwa na namba sahihi, lugha yetu, na ukoo unaojulikana, kwa sababu tu sura haikuwa ya mwenyewe. Alikataa ingawa aliambiwa mwenyewe amemtuma binamu yake. Alikataa mbele za watu.

Alipofika hapo aliketi.

Alijua Saynab angejibu nini. Asingejibu kwa maneno. Angemtazama tu, kisha angecheka, na jina la Mahat lisingehitaji kutajwa. Abdow aliona aibu hata gizani, peke yake, akajifunika shuka kichwani kama vile kuna mtu anamwona. Kwa miaka thelathini hakuusikiliza mdomo wa mtu kabla ya kuitazama chapa, na usiku huo kijana mmoja mwenye kisima cha mjomba alimfunga mkanda kwa sentensi tano. Huenda Aweys ni mtu mwema. Mahat naye alikuwa mwema. Hilo halikuwa swali hata kidogo.

Na kulikuwa na jambo la pili, lililomwumiza na kumtuliza kwa pamoja. Alikuwa amesafiri kilomita mamia kuja kuangalia ni gari gani la kumwamini. Hakuwa amemwangalia aliyekuwa anapanda.

Baada ya swala ya alfajiri alimkuta Leyla mlangoni, amevaa baibui ya safari, begi limefungwa kando ya miguu. Fatumo alikuwa amemwambia kuhusu tiketi ya tatu. Macho ya binti yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa amenawa uso.

“Niko tayari, Aabo.”

Abdow alilitazama lile begi. Lilikuwa lilelile alilomnunulia siku alipokwenda chuo.

“Nani alikufundisha kumkatalia mtu wa kwetu mbele za watu?” aliuliza.

Leyla alidhani anagombezwa, akajibu akitazama chini. “Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi pale sokoni, siku uliyomrudisha abti Mahat. Hooyo alinuna mwezi mzima. Nilikuuliza kwa nini hukumwamini, na yeye ni abti, kaka wa hooyo.”

“Nikasema nini?”

“Ulisema unampenda Mahat, lakini ngamia hakuwa na chapa yake.”

Abdow aliinama. Kisha akaliinua begi kwa mkono wake mwenyewe, akalirudisha chumbani, akaliweka juu ya kitanda.

“Unaingia kazini saa nane,” alimwambia. “Lala kidogo, umekesha. Kama kuna mama anayeketi karibu nawe, na gari limejaa mapema, panda ya Kerrow, nami nitamwambia akufikishe getini au nimwambie baba yake. Vinginevyo ita hayo ya kwako. Na ile safari unayomtumia shangazi yako asiyefungua, nitumie mimi.”

“Utajua kuifungua?”

“Nitajifunza. Usinidharau.”

Leyla alicheka, halafu akalia, halafu akamshika baba yake mkono, na Abdow akauacha mkono wake pale kwa muda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti akiwa mdogo. Alimpenda sana mtoto huyu, na asubuhi hiyo alimheshimu pia.

Ofisi ya mabasi ilikuwa imefurika. Karani, kijana mwenye kalamu sikioni, alisoma orodha yake. “Abdow, watu wawili.”

“Mmoja,” alisema Abdow. “Leyla hasafiri.”

Karani hata hakuinua kichwa. “Haina taabu, adeer, kiti hakikosi mtu.” Akamwita mama mmoja kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni. “Njoo, dada, kuna nafasi. Utakaa kwa jina la Leyla. Polisi wakikuuliza njiani, huyu ni baba yako.”

Mama alifurahi, akaanza kukusanya mizigo yake. Watu nyuma walisukuma. Dereva alipiga honi. Abdow aliweka kiganja chake juu ya orodha, juu ya jina la binti yake.

“Kiti apewe,” alisema. “Pesa yangu sitaki. Lakini hakai kwa jina la Leyla. Lifute, muulize la kwake, na umtazame kwenye kitambulisho chake.”

“Mzee, ni safari ya kwenda Garissa tu!”

“Andika upya.”

Karani alimtazama, akawatazama watu waliopanga foleni, akatoa kalamu sikioni. Basi lilichelewa kuondoka kwa dakika tano, na abiria wote walijua ni kwa sababu ya nani.